Barua kwa mwalimu wa darasa: kijana anahitaji alama ngapi asikariri Kidato cha Pili?

Ripoti ya muhula wa kwanza ilipofika nyumbani mwezi Juni, chini yake mwalimu alikuwa ameandika: "Aongeze bidii, la sivyo atakariri." Wastani wa kijana wangu ulikuwa 25.6. Kwa mzazi, namba hiyo inatisha, lakini haisemi kama mtoto atavuka kwenda Kidato cha Tatu. Ndiyo maana niliandika barua.

Kabla ya kuandika, kaa na ripoti na kalamu. Upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili, unaofanyika Novemba chini ya Baraza la Mitihani, kwa vigezo vya wakati ule haukuangalia wastani. Kila somo lilipewa daraja: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na chini ya hapo F. A ilikuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Zilijumlishwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na aliyepata 33 au pungufu alikuwa amefaulu, walau kwa daraja la nne. 34 na 35 zilikuwa sifuri, na sifuri ndiyo iliyomfanya mtoto akariri.

Kijana wangu alikuwa na Kiswahili 41, Historia 33, Jiografia 28, Baiolojia 27, Uraia 26, Kemia 24, Kiingereza 21, Fizikia 18 na Hisabati 12. D mbili ni pointi 8, F tano ni 25, jumla 33. Amevuka, lakini kwa ncha ya ukucha: Historia ikishuka hadi 29, anabaki na D moja na jumla inakuwa 34. Upande wa pili, Kiswahili kikipanda kutoka 41 hadi 45 anapata C, na C moja na F sita ni 33 vilevile, hata Historia ikianguka. Jiografia nayo inahitaji alama mbili tu iwe D ya tatu. Wastani ulificha yote haya.

Sasa barua. Iandike shule zinapofunguliwa Julai, wakati bado kuna miezi ya kufanya kitu. Anwani yako na tarehe juu kulia, kisha "Mwalimu wa Darasa, Kidato cha Pili", na "Kupitia kwa Mkuu wa Shule", maana bila hivyo mwalimu anaweza kuogopa kujibu kwa maandishi. Yangu ilisema hivi:

YAH: ALAMA ZA KUVUKA KIDATO CHA TATU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa katika nakala ya ripoti niliyoambatanisha. Naomba kufahamishwa mambo matatu.

Kwanza, je, shule inafuata vigezo vya kitaifa pekee, au ina wastani wake wa kuvukia darasa? Pili, ni masomo yapi, kwa maoni yako, anaweza kufikisha alama 30 kabla ya Novemba, na mada zipi zinampotezea alama? Tatu, alama za shuleni kwa kawaida hushuka au hupanda kwenye upimaji wa kitaifa?

Niko tayari kufika shuleni siku utakayopanga. Natanguliza shukrani.

Swali la tatu wazazi wengi hawaliulizi, na ndilo lililonisaidia kuliko mengine. Mwalimu alijibu kwamba Historia yao husahihishwa kwa huruma, kwa hiyo 33 ile nisiitegemee. Akashauri Jiografia, hasa usomaji wa ramani, na uandishi wa insha kwenye Kiswahili. Hisabati kutoka 12 hadi 30 alisema ni safari ndefu kwa muhula mmoja. Nilikubaliana naye kwa hesabu ya Novemba, ingawa sikumruhusu kijana aitupe. Kidato cha Nne kinakuja.

Usinakili pointi zangu bila kuuliza vigezo vya mwaka wenu. Mtaala unabadilika, na mwaka 2014 nchi ilihama kutoka madaraja ya kwanza hadi nne kwenda mfumo mwingine, kisha baada ya muda mfupi ikarudi.

Na ukijibiwa kwamba shule, hasa ya binafsi, ina wastani wake, tuseme 40, omba kwa upole waraka unaosema hivyo na uliza kama unatumika hata kwa aliyefaulu upimaji wa kitaifa. Wasipokuonyesha maandishi, barua yako ya pili iende kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, na nakala ya ile ya kwanza iwe ndani.