Kuandika Maoni Juu ya Kazi ya Mtu Tuliyemwajiri

Vikundi vyetu vingi vina mtu wa kulipwa mshahara. Kikundi cha maji kina mhudumu wa kioski, kikundi cha posho mili kina msagaji, kikundi cha maziwa kina karani. Mwisho wa mwaka kamati inaketi kuandika maoni juu ya kazi yake, na hapo ndipo taabu huanza. Tukiwa tunampenda tunaandika, "Anafanya vizuri, ila ajitahidi zaidi." Tukiwa na hasira tunaandika, "Ni mvivu na haaminiki."

Maneno hayo yanaonekana tofauti, lakini kasoro yao ni moja. Mtu akisomewa hawezi kuyajibu wala hawezi kujirekebisha. Ajitahidi zaidi katika jambo gani? Haaminiki kwa lipi, na lilitokea siku gani? Maoni ya haki ni yale ambayo mwenyewe anaweza kusema, "Hilo ni kweli," au, "Hapana, hapo mmekosea, angalieni daftari."

Katika somo hili tutachukua mfano wa mhudumu wa kioski cha maji. Tuseme kamati ina malalamiko mawili juu yake: pesa zinapungua, na anachelewa kufungua.

Tuanze na daftari

Tukiandika kwa kukumbuka tu, tutaandika mambo ya wiki mbili zilizopita na kusahau miezi kumi. Au tutaandika yale yaliyosemwa na mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, katibu alete mezani daftari la mita, daftari la kufungua kioski, na stakabadhi za mweka hazina.

Yuniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Katika mfano wetu, mwanzo wa Aprili mita ilisoma 1,240, na mwisho wa mwezi ikasoma 1,300. Yuniti 60 zimepita. Hiyo ni mitungi 3,000, na kama mtungi ni shilingi 5, tulitarajia shilingi 15,000. Zilizofika kwa mweka hazina ni 13,200. Zimepungua 1,800.

Hapa mwenye hasira ataandika, "Anaiba pesa za kikundi." Lakini hesabu haijasema hivyo. Imesema pesa zimepungua, haijasema zimekwenda wapi. Ni lazima tutafute kwanza.

Kutafuta sababu kabla ya kuhukumu

Jioni, bomba zote zikiwa zimefungwa, wanakamati wawili wasome mita pamoja na mhudumu. Asubuhi kabla ya kufungua waisome tena. Ikiwa imesogea, maji yanavuja kati ya mita na bomba. Tuseme wamepata lita 100 kwa usiku mmoja. Kwa siku 30 ni lita 3,000, yaani mitungi 150, au shilingi 750. Kurekebisha bomba ni kazi ya kamati, kwa hiyo pesa hizo haziwezi kuandikwa kama kosa la mhudumu.

Halafu tuulize nani amechota kwa deni. Daftari lake linaonyesha mitungi 120 ya deni, yaani shilingi 600. Tusishangae tukiyakuta humo majina ya wanakamati wenyewe! Tukitoa 750 na 600, zinabaki 450. Hata hizo tusiziite wizi. Bomba linavuja mchana pia, na maji ya kusuuza mitungi yanapita kwenye mita bila kulipiwa. Neno la haki ni "hazijaelezwa."

Sasa tunaweza kuandika:

"Mwezi wa Aprili mita ilionyesha mauzo ya shilingi 15,000, na zilizofika ni 13,200. Katika upungufu wa 1,800, tunakadiria 750 ni maji yanayovuja usiku, na kamati itatengeneza bomba. Shilingi 600 ni maji aliyouza kwa deni, ingawa aliambiwa auze kwa pesa taslimu. Shilingi 450 hazijaelezwa. Kuanzia tarehe 1 Juni asiuze kwa deni, hata kwa mwanakamati. Mita itasomwa asubuhi na jioni na yeye pamoja na mwanakamati wa zamu. Tutaangalia tena mwisho wa Agosti."

Tazama maoni haya yamebeba nini: lililotokea na lini, kiasi chake, sehemu isiyo yake, alilotakiwa kufanya, na siku ya kuangalia tena. Pia yanasimama juu ya jambo aliloambiwa mapema. Kama hakuna aliyemwambia kwamba deni ni marufuku, basi hilo si kosa lake, ni agizo jipya, na liandikwe hivyo.

Maneno "kila mara" na "hata siku moja"

Lalamiko la pili lilisema, "Kila mara anachelewa." Tufungue daftari tuhesabu. Tuseme alifanya kazi siku 26, na akafungua baada ya saa kumi na mbili asubuhi siku 5. Katika siku 2 kati ya hizo, tangi lilikuwa halina maji. Basi kuchelewa kwake ni siku 3. Tuandike, "Alichelewa siku 3 kati ya 26, na siku 21 alifungua kwa wakati." Mtu akiambiwa "kila mara" atakumbuka zile siku 21, na hatasikia lingine lolote.

Sifa nazo ziandikwe kwa njia hiyo hiyo. "Ni mtu mzuri" haimsaidii. "Alileta pesa kila wiki bila kukumbushwa" inamwonyesha cha kuendelea kufanya.

Asomewe na ajibu

Maoni yasisomwe kwanza kwenye baraza la wanachama wote. Mwenyekiti na katibu wakae naye, wamsomee kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe chini ya maoni. Wote watie sahihi, naye abaki na nakala. Sahihi yake maana yake amesomewa, si lazima awe amekubali.

Hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi duni, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize majibu yake. Anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake amchague mwenyewe, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa hapo kazini. Kesi ikifika mahakamani, kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri ndiye athibitishe sababu. Kamati yenye karatasi iliyoandikwa "ni mvivu" haina cha kuthibitisha. Na mhudumu aliyefukuzwa kwa neno "mwizi" atabaki na jina hilo kijijini, hata kama ni bomba lililokuwa linavuja.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mfanyakazi wetu ameambiwa nini kwa maandishi kuhusu saa za kazi na deni?
2. Chukueni maoni ya mwaka jana. Ni neno gani ambalo yeye hangeweza kulijibu?
3. Katika upungufu wetu, ni sehemu gani iliyo kazi ya kamati yenyewe?