Tozo ya Kuchelewa Iliyotokana na Kosa la Benki: Namna ya Kuomba Ifutwe

Mkopaji anaweza kulipa rejesho lake kabla ya siku ya mwisho, kisha akakuta amekatwa tozo ya kuchelewa. Mara nyingine chanzo cha jambo hilo ni benki yenyewe: fedha zimepokelewa dirishani kwa wakati, lakini zimeingizwa katika akaunti nyingine au zimechelewa kuingizwa. Wakopaji wengi wakipatwa na hali hiyo huenda kwa meneja wa tawi kuomba wasamehewe. Kuomba msamaha ni kukubali kwamba mkopaji alichelewa, na meneja anaweza kukubali au kukataa apendavyo. Aliyelipa kwa wakati anapaswa kuomba hesabu yake isahihishwe, na ombi hilo husimama juu ya nyaraka.

Tarehe tatu za kulinganisha

Nyaraka zinazohitajika ni tatu, na kila moja hutafutwa kwa ajili ya tarehe iliyomo. Ya kwanza ni mkataba wa mkopo pamoja na ratiba ya marejesho, unaoonesha siku ya mwisho ya kulipa. Ya pili ni stakabadhi ya kuweka fedha, yenye mhuri wa benki, namba ya muamala na siku fedha zilipopokelewa. Ya tatu ni taarifa ya akaunti ya mkopo, inayoonesha siku benki ilipoziingiza fedha hizo katika hesabu.

Ikiwa tarehe ya stakabadhi inatangulia siku ya mwisho, na tarehe ya kuingizwa katika hesabu inakuja baada yake, ucheleweshaji ulitokea mikononi mwa benki. Kabla ya kufikia uamuzi huo, mkopaji hana budi kusoma namba ya akaunti iliyoandikwa kwenye stakabadhi, tarakimu kwa tarakimu. Endapo yeye mwenyewe aliandika namba isiyo sahihi, kosa ni lake. Ni hivyo hivyo endapo aliweka fedha pungufu, au endapo rejesho hukatwa kutoka akaunti ya akiba na makato ya mwezi yalipunguza salio likawa chini ya kiasi cha rejesho. Katika hali hizo anaweza kuomba msamaha, lakini hawezi kudai kusahihishiwa.

Mfano wa mfanyabiashara wa nafaka

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara wa nafaka ambaye rejesho lake ni shilingi 420,000 kila tarehe 25. Mkataba wake unaweka tozo ya asilimia 5 ya kiasi kilichochelewa. Tarehe 23 Septemba aliweka shilingi 420,000 dirishani na kupewa stakabadhi yenye namba sahihi ya akaunti. Mhudumu alikosea tarakimu moja alipokuwa akiingiza muamala, fedha zikaenda kwa mteja mwingine. Benki iligundua na kuzihamishia katika mkopo wake tarehe 2 Oktoba. Katika siku hizo, mfumo ulihesabu kwamba amechelewa, ukamtoza shilingi 21,000.

Tarehe 23 Oktoba aliweka tena shilingi 420,000. Mkataba wake unasema kwamba fedha zikiingia, hukatwa tozo kwanza, kisha riba, na mwisho mkopo wenyewe. Hivyo shilingi 21,000 ziliondolewa kulipa tozo ya Septemba, na kwa ajili ya rejesho la Oktoba zikabaki shilingi 399,000. Upungufu wa shilingi 21,000 ulihesabiwa kuwa ni ucheleweshaji mpya, ukazaa tozo nyingine ya shilingi 1,050. Mama huyo hakuchelewa hata siku moja, lakini kumbukumbu za benki sasa zinaonesha amechelewa miezi miwili mfululizo.

Kurejeshewa shilingi 21,000 peke yake hakutamaliza tatizo. Taarifa ya akaunti kwa kawaida hubeba tarehe mbili kwa kila muamala: siku ulipoandikwa, na siku ambayo fedha huanza kuhesabika. Tarehe hii ya pili ikibaki 2 Oktoba, mfumo utaendelea kusoma kwamba rejesho la Septemba lilichelewa siku saba, na riba ya siku hizo itabaki palepale. Aidha, mabenki hupeleka taarifa za wakopaji katika kanzidata inayosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, na mkopeshaji mwingine anaweza kuziangalia anapopima ombi la mkopo mpya.

Barua yenyewe

Kwa sababu hiyo, barua ya mama huyo kwa meneja wa tawi inapaswa kueleza kosa kwa kifupi na kutaja kila kinachoombwa. Inaweza kusomeka hivi:

"Tarehe 23 Septemba niliweka shilingi 420,000 za rejesho lililopaswa kulipwa kabla ya tarehe 25 kupita. Stakabadhi imeambatishwa. Taarifa ya akaunti inaonesha kuwa fedha hizo ziliingizwa katika mkopo wangu tarehe 2 Oktoba. Naomba malipo hayo yahesabike kuanzia tarehe 23 Septemba. Naomba tozo ya shilingi 21,000 ifutwe, na fedha zilizokatwa ziingizwe katika rejesho la Oktoba. Naomba tozo ya shilingi 1,050 iliyotokana nayo ifutwe, pamoja na riba ya siku hizo. Naomba taarifa zangu za mkopo zilizopelekwa kwingine zisahihishwe, na nipewe majibu kwa maandishi."

Barua iandaliwe nakala mbili. Nakala moja ibaki benki, na nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mteja aondoke nayo pamoja na namba ya lalamiko. Nyaraka zinazoambatishwa ziwe vivuli. Stakabadhi halisi isiachwe dirishani. Wino wa stakabadhi nyingi za mashine hufifia, hivyo ni vyema kuzitolea kivuli mapema. Asiyeweza kuandika anaweza kuandikiwa na mtu anayemwamini, lakini namba ya siri haihitajiki katika kazi hiyo, na asimtajie mtu yeyote.

Wakati lalamiko likishughulikiwa, mkopaji aendelee kulipa marejesho kama kawaida. Akisitisha malipo kwa hasira, ucheleweshaji utakaofuata utakuwa wake kweli. Vilevile asitie saini hati yoyote inayosema kwamba anakiri kuchelewa, au inayopanga upya deni lake, kabla suala la tozo halijaamuliwa.

Benki ikikataa au ikikaa kimya

Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja wa taasisi za fedha. Mteja hufika huko baada ya kuwasilisha kwanza lalamiko kwa benki yake. Nakala yenye mhuri ndiyo huthibitisha kuwa hatua hiyo ilifuatwa, na jibu la benki, kama lipo, huambatishwa. Mbali na Dar es Salaam na makao makuu Dodoma, Benki Kuu ina ofisi Arusha, Mbeya, Mwanza, Mtwara na Zanzibar.

Benki ikikubali ombi, mteja asiridhike na kauli ya mdomo. Achukue taarifa mpya ya akaunti na kukagua mambo matatu: malipo ya Septemba yanahesabika kuanzia tarehe 23, rejesho la Oktoba limekamilika kwa shilingi 420,000, na hakuna tozo iliyobaki katika mwezi wowote kati ya hiyo. Moja likikosekana, arudi na nakala ya barua yake ileile na namba ileile ya lalamiko.