Riba Inayoliwa na Riba Inayobaki: Mistari Miwili ya Akiba



Wakati wa likizo iliyopita, baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo huko Mtabila, mama mmoja alituonyesha daftari lake la kikundi cha kuweka na kukopa. Kila mwezi hununua hisa za shilingi 10,000. Kila Desemba kisanduku hufunguliwa, makufuli yake matatu yakiwa yameletwa na watunza funguo, na wanachama hugawana akiba pamoja na faida. Januari wanaanza upya. Mama huyo amefanya hivyo kwa miaka kumi. Alituuliza, “Wanangu, mbona kila mwaka napata faida lakini sioni kinachokua?”

Swali lake linajibiwa kwa kulinganisha namna mbili za kukokotoa riba. Tutatumia fedha yake mwenyewe, yaani shilingi 120,000 kwa mwaka. Kwa urahisi wa hesabu tuseme fedha yote ya mwaka inawekwa Januari, na riba ni asilimia 10 kwa mwaka.

Namna ya kwanza ni riba ya kawaida. Hapa riba huhesabiwa juu ya fedha uliyoweka tu. Shilingi 120,000 huzaa 12,000 kila mwaka, mwaka wa kwanza sawa na mwaka wa ishirini. Namna ya pili ni riba ambatani. Hapa riba ya mwaka huu huongezwa kwenye mtaji, na mwaka unaofuata nayo huzaa riba yake.

Tutazame miaka miwili ya mwanzo. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza namna zote mbili zina 132,000. Mwaka wa pili mama anaweka tena 120,000. Kwa riba ya kawaida, mitaji miwili inazaa 24,000, na jumla inakuwa 276,000. Kwa riba ambatani, asilimia 10 inahesabiwa juu ya 252,000 zote, na jumla inakuwa 277,200. Tofauti ni shilingi 1,200 tu. Hiyo ni riba iliyozaliwa na zile 12,000 za mwaka wa kwanza. Mtu anaweza kuidharau, maana haitoshi hata kununua kilo ya maharage. Lakini tuendelee:

- Mwaka wa 5: riba ya kawaida 780,000, riba ambatani karibu 805,900.
- Mwaka wa 10: riba ya kawaida 1,860,000; riba ambatani karibu 2,103,700.
- Mwaka wa 20: riba ya kawaida 4,920,000, riba ambatani karibu 7,560,300.

Katika miaka yote ishirini mama ameweka mfukoni mwake 2,400,000 tu. Tofauti kati ya namna hizi mbili, iliyoanza na 1,200, sasa ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Tukiichora kwenye karatasi, miaka chini na fedha pembeni, mistari miwili inakwenda pamoja karibu miaka mitano ya mwanzo kiasi kwamba kalamu nene ingeifunika yote. Halafu mmoja unaanza kuuacha mwingine, na kila mwaka pengo linazidi lile la mwaka uliotangulia.

Hapa wengi hukosea. Husema riba ya kawaida ni mstari ulionyooka na riba ambatani ni mstari uliopinda. Hiyo ni kweli kwa fedha iliyowekwa mara moja tu ikaachwa. Kwa mtu anayeweka kila mwaka, hata mstari wa riba ya kawaida unapinda kwenda juu, kwa sababu mitaji inaongezeka. Kwa hiyo ukionyeshwa mchoro unaopanda vizuri, usidhani tayari kwamba riba inazaa riba. Chukua daftari, tafuta riba ya mwaka wa pili, kisha uilinganishe na asilimia 10 ya fedha ulizoweka kwa mkono wako. Zikilingana kabisa, hiyo ni riba ya kawaida. Ikizidi kidogo, riba ya mwaka wa kwanza imeingizwa kwenye mtaji.

Kuna kanuni nyepesi ya kukadiria. Gawanya 72 kwa kiwango cha riba, na utapata takriban miaka ambayo fedha iliyowekwa mara moja huchukua kuongezeka mara mbili kwa riba ambatani. Kwa asilimia 10 ni miaka 7 na kidogo. Kwa riba ya kawaida ingechukua miaka 10 kamili. Kanuni hii imo katika kitabu cha hesabu alichokichapisha Luca Pacioli, mtawa Mfransisko, huko Venisi mwaka 1494.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kikundi chake hakikumdhulumu. Faida anayogawiwa ni halali na anaipata kila mwaka. Lakini kama kila Desemba angekula faida na kurudisha mtaji wote, angekuwa kwenye riba ya kawaida: mtaji unakaa, riba inaondoka. Yeye hutumia faida pamoja na mtaji, hivyo mstari wake unapanda miezi kumi na miwili kisha unaanguka hadi sifuri. Ameuchora mwaka wa kwanza mara kumi, na mwaka wa kumi hajaufikia hata mara moja.

Jambo hilohilo huwapata hata wenye hati fungani za Serikali, ambazo mtu huanza kununua kwa shilingi milioni moja. Riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita kwenye akaunti ya mwenye hati. Haijiongezi yenyewe kwenye mtaji. Ukiitumia, mtaji wako unabaki palepale. Ukiikusanya na kuiwekeza tena, ndipo inazaa. Namna ya riba, basi, haiamuliwi na mkataba peke yake. Mkono wa mpokeaji nao unaamua.

Mambo mawili hupunguza hesabu yetu. La kwanza ni makato. Riba ya amana benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, hivyo riba ya asilimia 10 inabaki 9. Hiyo moja inayopungua inashusha jumla ya miaka ishirini kutoka 7,560,300 hadi karibu 6,691,700. La pili ni bei kupanda. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, kitu cha shilingi 1,000 leo kitauzwa karibu 2,190 baada ya miaka ishirini. Hivyo zile 4,920,000 za riba ya kawaida zitanunua kile kinachonunuliwa leo kwa takriban 2,245,000, na zile 7,560,300 zitanunua cha takriban 3,450,000.

Tulipomaliza kumwandikia mama hesabu hizi nyuma ya daftari lake, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema hawezi kuacha mgawo wote, kwa sababu Januari kuna sare za watoto na mbolea. Tulikubaliana naye. Mbolea isiponunuliwa kwa wakati, hasara ya shamba huzidi riba yoyote. Lakini alichora mstari chini ya 1,200 na kuuliza kama anaweza kuanza na sehemu ya tatu ya mgawo, yaani 40,000 kwa mwaka, ambayo hataigusa. Inawezekana. Kwa asilimia 10, miaka ishirini, ni theluthi ya 7,560,300: karibu 2,520,000, ambapo yeye atakuwa ameweka 800,000.