Kabla ya Kwenda kwa Avoka: Kusoma Rasimu ya Mkataba wa Kupanga Duka Luhwindja

Kijitabu hiki ni cha mfanyabiashara anayetaka kupanga chumba cha duka Luhwindja, na ambaye mwenye nyumba amemletea karatasi ya kutia sahihi. Kwa kawaida karatasi hiyo imeandikwa kwa Kifaransa, na mwenye nyumba anaishi Bukavu. Isome kwanza na mtu unayemwamini, polepole, sentensi moja moja, kisha uipeleke kwa avoka. Saa ya avoka inalipiwa, na si vizuri kuitumia kumsomesha mambo ambayo ungeweza kuyaona mwenyewe.

Kupanga duka hakuongozwi na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo inahusu nyumba zisizo za biashara. Mkataba wa duka uko chini ya sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara. Kongo iliingia humo tarehe 12 Septemba 2012. Maandishi yanayotuhusu, yaliyorekebishwa tarehe 15 Desemba 2010, hayabagui mji na kijiji, hivyo duka la Luhwindja lina haki sawa na la Bukavu.

Tuchukue rasimu moja, tuliyoitunga kutokana na mambo yanayoonekana mara nyingi. Kodi ni dola 50 kwa mwezi, na garanti ni miezi sita, yaani dola 300. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Halafu zinafuata sentensi hizi: “Mpangaji atafanya matengenezo yote.” “Kodi itarekebishwa kulingana na hali ya soko.” “Akichelewa kulipa siku tano, mkataba umevunjika papo hapo na atatoka.” “Mwenye nyumba akiuza, mpangaji ataondoka.”

Wengi hutishwa na sentensi mbili za mwisho, kwa sababu zina ukali. Kumbe hizo ndizo dhaifu kuliko zote. Sheria inasema kwamba nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaingia mahali pa mwenye nyumba wa kwanza na mkataba unaendelea. Kuhusu kuchelewa kodi, lazima kwanza upewe onyo la maandishi linalotaja kifungu ulichovunja, kisha uwe na mwezi mmoja wa kujirekebisha tangu ulipolipokea. Baada ya hapo ni hakimu anayesema mkataba umevunjika, wala si mwenye nyumba na kufuli lake. Haki hizi haziondolewi na mkataba, hata ukitia sahihi. Sentensi hizo mbili zichore mstari, umwombe avoka azifute, lakini usipoteze usingizi kwa ajili yazo.

Sentensi ya kuogopwa ni ile ya upole, “matengenezo yote”. Kwa sheria, kazi kubwa ni za mwenye nyumba: kuta, paa, boriti. Mpangaji anashughulika na matunzo ya kila siku. Lakini mgawanyo huo unaweza kubadilishwa na mkataba, na neno “yote” linaubadilisha. Mvua za milima yetu ziking’oa mabati, utanunua mabati ya nyumba ya mtu mwingine. Pendekeza hivi: mwenye nyumba anashughulikia paa, kuta na msingi, na mpangaji anashughulikia kufuli, vioo, rangi ya ndani na usafi. Ongeza kwamba akiarifiwa kwa maandishi na siku kumi na tano zikapita bila kutengeneza paa, unaweza kutengeneza na kukata gharama kwenye kodi kwa kuonyesha risiti. Muda huo wa siku kumi na tano ni pendekezo letu, nanyi mnaweza kupatana mwingine.

“Hali ya soko” nayo ina mtego wake. Mkataba usiposema lolote kuhusu kupandisha kodi, kodi inabaki palepale hadi wakati wa kuufanya upya. Ukiandika maneno yasiyo na kipimo, unamfungulia mwenye nyumba mlango ambao sheria ilikuwa imeufunga. Basi ama sentensi ifutwe kabisa, ama iwe na kipimo: mara moja kwa mwaka, isizidi asilimia fulani, na taarifa ya miezi mitatu. Hapa ukimya unakulinda.

Kwenye garanti mambo ni kinyume. Sheria hii ya maduka haitaji kiasi cha garanti wala siku ya kuirudisha, kwa hiyo lisiloandikwa halipo. Rasimu yetu inataja dola 300 na kunyamaza. Omba ziandikwe sentensi tatu: garanti inarudishwa ndani ya siku 30 baada ya kukabidhi ufunguo, kinachokatwa ni kodi isiyolipwa na uharibifu ulioonekana ukilinganisha na hali ya mwanzo, na kila malipo yana risiti au ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money unaohifadhiwa. “Hali ya mwanzo” nayo lazima iandikwe. Siku ya kuingia, zungukeni pamoja, muandike ufa wa ukuta, bati lililotoboka na mlango usiofunga, mpige picha, kisha wote wawili mtie sahihi kwenye karatasi hiyo.

Sasa mwaka mmoja. Anayefanya biashara iliyotajwa katika mkataba kwa miaka miwili anapata haki ya kuufanya upya, na hakuna kifungu kinachoweza kumnyang’anya haki hiyo. Mwenye nyumba akikataa bila sababu ambayo sheria inaikubali, analipa fidia. Mkataba wa mwaka mmoja ukiisha na ukaondolewa, utakuwa hujafikisha miaka hiyo miwili. Omba miaka mitatu. Ukianza tarehe 1 Machi 2026, utaisha tarehe 28 Februari 2029, na ombi lako la kuufanya upya lazima limfikie mwenye nyumba kabla ya tarehe 28 Novemba 2028, yaani miezi mitatu kabla. Liwe kwa maandishi ambayo unaweza kuthibitisha kwamba aliyapokea. Ukichelewa, haki imekwisha.

Angalia pia biashara inavyotajwa. Rasimu ikisema “nguo” tu, nawe baada ya mwaka ukaweka meza ya kununua dhahabu, umetoka nje ya mkataba, na ile miaka miwili inaweza kubishaniwa. Andika biashara zote unazozitarajia.

Kuna jambo moja la kwetu Bushi ambalo rasimu haziligusi: mwenye nyumba ana haki gani juu ya kiwanja? Aliye na kalinzi ana haki ya kudumu inayorithiwa. Aliye na bwasa ameazimwa ardhi kwa muda, na hata mimea ya kudumu haruhusiwi kuipanda. Ukipanga kwa mwenye bwasa, mwenye ardhi anaweza kutokea kesho. Omba kuona karatasi, na uulize majirani na wakubwa wa sheferi.

Na kwa kuwa tuko karibu na Twangiza, ambako familia zilihamishwa kwenda Cinjira kupisha mgodi, uliza kama nyumba iko ndani ya eneo la kampuni ya mgodi. Ikiwa imo, mkataba useme kwamba mkihamishwa kodi inasimama siku hiyohiyo, garanti inarudi, na fidia ya bidhaa na biashara yako ni yako, si ya mwenye nyumba.

Unapoenda kwa avoka, chukua nakala mbili za rasimu, moja safi na nyingine yenye mistari yako. Pembeni mwa kila mstari weka alama: S kwa kifungu ambacho sheria tayari inakizuia, B kwa kinachokufunga kweli, na K kwa kilichokosekana. Mwambie aanze na B na K. Za S zinaweza kungoja mwisho wa saa.