Alama moja, sosiete tatu: fakture itoke kwa nani?

Katika somo hili tutaangalia jambo ambalo linasumbua wenye kushika feza zetu. Tunanunua kitu kwenye duka yenye alama moja, lakini karatasi zinakuja na majina mbalimbali. Mukaguzi akifika, anauliza: ni nani aliwauzia?

Alama iliyochorwa ukutani si muuzaji. Ni picha na jina la biashara tu, na inaweza kutumiwa na sosiete mbili, tatu, hata na mutu binafsi mwenye depo kijijini. Mbele ya sheria, muuzaji ni yule aliyekubali komande yetu kwa jina lake kamili. Yeye ndiye mwenye kutoa fakture, na yeye ndiye tunamudai mashini ikiharibika.

Tuchukue mufano. Koperative moja ya Minova inataka mashini ya kusaga mahindi. Proforma inatoka kwa SARL ya Goma yenye kuingiza mashini: dola 3.480, mashini pamoja na kuifikisha Minova. Koperative inaandika komande kwa SARL hiyo. Mashini inakuja na kamyo ya sosiete ingine ya usafirishaji, yenye alama ileile. Kisha fakture ya dola 3.480 inaletwa na mwenye depo ya Minova, naye pia ameweka alama ile mulangoni. Tena, alikuwa ameisha kupokea avansi ya dola 1.000.

Hapa watu wengi wanalipa, juu wanaona alama ni moja. Sisi tunasema: kwanza soma maandishi madogo chini ya fakture. Sheria ya OHADA, ambayo inafuatwa Congo tangu 2012, inaomba kila sosiete iandike kwenye fakture zake jina lake, aina yake (SARL, SA na zingine), kapitali yake, makao makuu na namba ya RCCM. Ndani ya namba ile, kisha mwaka, kuna herufi: A ni mutu binafsi, B ni sosiete. Fakture ya Minova ina A, lakini proforma ina B. Basi hao ni watu wawili mbalimbali, hata kama rangi ya karatasi ni moja.

Sasa weka karatasi ine kwenye meza: proforma, komande, karatasi ya kupokelea muzigo na fakture. Swali ni hili: nani aliahidi kutupatia mashini kwa bei ile? Ni SARL ya Goma. Kwa sababu bei yake ilikuwa pamoja na usafiri, mwenye kamyo atadai feza yake kule Goma, si kwetu. SARL itoe fakture moja ya dola 3.480. Ingekuwa mwenye depo alinunua mashini kwanza kisha akatuuzia, fakture yake ingekuwa sawa, lakini proforma na komande zingepaswa kuwa kwa jina lake tangu mwanzo.

Fakture ya depo isipasuliwe. Mwenye depo aandike karatasi ya kuifuta, yenye namba ya fakture ile, na zote mbili zibaki kwenye faili. Bila hiyo, kesho anaweza kudai tena dola 2.480 zilizobaki.

Avansi njo iko na hatari zaidi. Malipo yanamaliza deni kama yamefika kwa mwenye kudai au kwa mutu aliyepewa naye uwezo wa kupokea. Kwa hiyo tunaomba SARL ya Goma iandike barua yenye sahihi, inayokubali kwamba dola 1.000 zilipokelewa kwa niaba yake. Angalia vizuri: barua itoke kwa SARL, si kwa mwenye depo. Yeye hawezi kujipatia ruhusa mwenyewe. SARL ikikataa, depo irudishe feza, na sisi tulipe yote kwenye konti yenye jina la SARL.

Kuna jambo moja linalochanganya hata wahasibu. Ofisi ya Goma inaweza kuwa tawi tu la sosiete ya Kinshasa. Tawi halina kapitali yake wala halisimami peke yake mbele ya sheria. Kulidai ni kudai Kinshasa, na fakture inabeba jina la sosiete ile. Lakini kama ofisi ya Goma ina jina na kapitali yake, hiyo ni sosiete mutoto, na deni lake si deni la mama, hata kama mama ana hisa nyingi ndani yake.

Kazi hii inachukua dakika kumi kama inafanywa siku proforma inapofika. Pale chini ya komande, andikeni: «Fakture itolewe na», kisha jina kamili na namba ya RCCM ya muuzaji, na jina la konti itakayolipwa. Kama majina yale mawili hayafanani, komande isiende bado.