Swichi mbili, taa moja: jinsi ya kuwasha korido kutoka pande zote mbili

Ukipita Kwa Vonza usiku, karibu na Chuo Kikuu cha SEKU, utaona hosteli za kukodisha ambazo taa zake za korido huwaka hadi asubuhi. Mara nyingi sababu si uzembe wa wanafunzi. Swichi iko mlangoni, upande wa geti, na aliyefika chumba cha mwisho hawezi kurudi mita ishirini gizani baada ya kuizima. Balbu nne za wati 9 zikiwaka kwa saa kumi na moja kila usiku hula karibu yuniti 12 kwa mwezi, na tokeni za korido hulipwa na mwenye nyumba. Dawa yake ni swichi mbili za tu-wei, moja kila mwisho wa korido. Nyumba za ghorofa za Wote na Kitui mjini zina shida hiyo hiyo kwenye ngazi, na dawa ni moja.

Swichi ya kawaida, wan-wei, inakata waya mmoja na kuuunganisha tena. Tu-wei haikati, inachagua. Nyuma yake ina sehemu tatu za kufungia waya: moja imeandikwa COM, na nyingine mbili L1 na L2. Ukibonyeza, COM inaacha L1 na kushika L2. Ukibonyeza tena inarudi. Haina mkao wa "imewaka" wala "imezima", ndiyo maana huwezi kujua hali ya taa kwa kuangalia swichi ikiwa juu au chini.

Anayejua stesheni za reli ya Mombasa, kama ya Emali au Makindu, ataelewa haraka. Reli moja ikiingia stesheni hugawanyika kuwa mbili ili treni zipishane, kisha hizo mbili huungana tena upande wa pili. Treni inapita moja kwa moja endapo tu pointi za pande zote mbili zimeelekezwa kwenye reli ile ile. Tu-wei ni hivyo hivyo. Laivu inaingia COM ya swichi ya kwanza. Waya mbili zinatoka L1 na L2 zake hadi L1 na L2 za swichi ya pili. Kutoka COM ya swichi ya pili waya mmoja unaenda kwenye taa, na nyutro inaenda taa moja kwa moja bila kupitia swichi yoyote. Swichi zote mbili zikichagua waya mmoja, taa inawaka. Zikitofautiana, inazima. Kwa hiyo kati ya hali nne zinazowezekana taa inawaka katika mbili, na ukibonyeza swichi yoyote, iwe ya huku au ya kule, lazima hali ya taa ibadilike.

Kuna jambo hapa linalorahisisha kazi nzima. Zile waya mbili za kati hazina cheo. Ukizibadilisha, L1 ya huku ikaenda L2 ya kule, mfumo unafanya kazi vilevile, ila swichi zitakuwa zinawasha taa zikiwa zimetofautiana. Kisichosameheka ni COM. Kwa hiyo mwambie fundi atumie rangi hivi: waya mwekundu uingie COM pande zote mbili, na waya mbili za njano ziende kwenye sehemu zilizobaki, yoyote na yoyote. Nyutro iwe nyeusi, na ethi iwe ya kijani na njano. Waya wa bluu ni afadhali uachwe nje ya kazi hii, kwa kuwa katika mfumo mpya wa rangi bluu ndiyo nyutro, ilhali katika ule wa zamani ilikuwa laivu ya fezi ya tatu. Fundi atakayefungua boksi hilo baada ya miaka kumi asiachiwe kubahatisha.

Tuchukue korido ya mita 20, dari ya mita 2.8, swichi zikiwa mita 1.2 kutoka sakafuni. Laivu na nyutro zinafika darini mwanzo wa korido. Balbu ni nne, zimepangwa kila baada ya mita 5, ya kwanza ikiwa mita 2.5 kutoka mwanzo. Kila waya wa njano unapanda mita 1.6, unasafiri 20, unashuka 1.6, jumla mita 23.2, na ukizidisha mara mbili ni 46.4. Mwekundu unashuka mita 1.6 hadi swichi ya kwanza, kisha kule mwisho unapanda 1.6 na kurudi mita 17.5 hadi balbu iliyo mbali zaidi, karibu mita 21 kwa jumla. Nyeusi ni mita 17.5. Ethi ifike kwenye maboksi yote mawili ya swichi kama ni ya chuma, mita 23 hivi. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kona na ncha za kufungia, nawe utanunua njano mita 51, nyekundu 23, nyeusi 20 na ethi 26. Hadiwea nyingi hukata waya kwa mita, kwa hiyo usilazimishwe kubeba roli nne.

Unene wa waya uwe milimita 1.5 za shaba. Si kwa sababu ya mzigo, maana balbu hizo nne zote pamoja zinavuta ampea 0.15 tu. Ni kwa sababu breka ya taa ni ya ampea 6 au 10, na waya lazima uweze kustahimili mkondo hadi breka ikate. Waya mwembamba wa bei rahisi utaungua kabla breka haijashtuka.

Swichi zenyewe ndizo watu hukosea dukani. Wan-wei na tu-wei za kampuni moja zinafanana kabisa mbele. Zigeuze. Ukiona sehemu mbili tu za kufungia waya, ni wan-wei na haitakusaidia. Unataka tatu, kila moja ikiwa na alama, na kiwango cha ampea 10 kikiwa kimeandikwa. Angalia pia alama ya ubora ya KEBS kwenye pakiti. Nisingenunua mbili za kampuni tofauti kwa kazi moja, si kwamba zitakataa kufanya kazi, bali kwa sababu COM haikai mahali pamoja kwa kila mtengenezaji. Nyingine huiweka peke yake upande mmoja, nyingine hupanga zote tatu mstari mmoja. Hapo ndipo anayenakili mpangilio wa swichi ya zamani bila kusoma alama hupotea.

Akipotea, utajua kwa dalili moja. Swichi ya huku inafanya kazi kama kawaida, lakini tu ikiwa ya kule imewekwa mkao fulani. Ile ya kule ikibadilishwa, ya huku inakufa kabisa. Ukijaribu hali zote nne utaona taa inawaka katika moja pekee. Huo si ubovu wa balbu wala wa swichi, ni waya mwekundu uliofungwa kwenye L1 au L2 na wa njano ukakaa COM. Zima breka, hakikisha hakuna umeme kwa testa uliyoijaribu kwanza mahali penye umeme, kisha fungua. Kama alama zimefutika, ondoa waya na utumie mita kwenye mlio wa kuunganika: sehemu inayolia na moja ya zile nyingine kila unapobonyeza, leo na hii, kesho na ile, ndiyo COM. Mbili zisizolia kamwe zikipimwa zenyewe kwa zenyewe ni L1 na L2.

Kosa la pili halionekani kwa macho na ni baya zaidi. Hutokea kwenye ngazi za ghorofa. Fundi anachukua laivu kutoka chini kwa kuwa iko karibu na swichi ya chini, halafu kule juu anakuta nyutro ya taa ya chumbani na kuifunga hapo ili kuokoa mita chache za waya. Taa inawaka vizuri, na mwenye nyumba analipa. Siku moja mtu anazima breka ya juu ili arekebishe taa ya chumbani, anaachanisha waya za nyutro akijua ziko salama, na umeme wa chini unamfikia kupitia balbu ya ngazi. Kama nyumba ina breka za usalama zinazolinganisha laivu na nyutro, zitakuwa zinaruka kila taa ya ngazi inapowashwa, na hiyo ndiyo dalili ya bahati. Kama kila ghorofa ina mita yake, mchanganyiko huo unaunganisha wapangaji wawili wasiojuana. Laivu na nyutro ya ngazi zitoke kwenye breka moja, ya mita ya mwenye nyumba, hata kama waya utazidi mita kumi.

Wapo pia wanaopeleka laivu na nyutro zote mbili kwenye swichi zote mbili na kuning'iniza taa katikati ya COM na COM. Inawaka na kuzima, lakini nusu ya wakati taa ikiwa imezima holda ina laivu pande zote. Ukikuta mpangilio huo katika nyumba ya zamani, uondoe. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, na umuulize swali moja kabla hajaanza: nyutro ya taa hii inatoka wapi?

Korido ikiwa na mlango katikati unaohitaji swichi ya tatu, zile mbili za mwisho hubaki tu-wei na ya kati inakuwa intamidieti, yenye sehemu nne za kufungia. Waya zote mbili za njano zinaingia na kutoka kwake. Ukiibonyeza inazipishanisha. Ni ghali kuliko tu-wei na si kila duka linaiweka, kwa hiyo iulizie kabla fundi hajachimba ukuta.

Balbu za LED zikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, usimlaumu fundi haraka. Taa ikiwa imezima, waya mmoja wa njano bado una laivu na umelala kando ya mwenzake mita 23 ndani ya paipu moja, nao humwambukiza umeme kidogo unaotosha kuamsha balbu ya bei rahisi. Jaribu balbu ya aina nyingine kwanza. Ikishindikana, kuna kapasita ndogo ya kufungwa sambamba na taa, iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 240.

Kwa nyumba zinazotumia sola ya volti 12, na ziko nyingi Makueni na Kitui, mchoro ni ule ule lakini hesabu ya waya inageuka. Wati 36 kwa volti 12 ni ampea 3, na katika safari hii ya kwenda na kurudi zaidi ya volti 1 hupotea njiani, kwa hiyo balbu zote zitafifia. Tumia waya wa milimita 2.5 au 4, au punguza balbu ziwe mbili za wati 5.