“Nambari Moja Eastlands”: Pima Kauli Mbiu Kabla Hujaipaka Ukutani

Ukitembea Barabara ya Mumias Kusini, kutoka Jogoo hadi kituo cha maduka cha Buruburu, utasoma mabango mengi yenye kauli moja: kinyozi bora, chuo cha kwanza, kliniki nambari moja. Wengi huyapita bila kuwaza. Lakini kauli hizo si sawa mbele ya sheria. Nyingine ni majigambo tu ya biashara. Nyingine ni ahadi ya ukweli, na mwenye bango hulazimika kuithibitisha akiulizwa. Katika somo hili tutajifunza kuzitofautisha.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Kifungu hicho hicho kinalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Jedwali la Nne nalo linazipa kaunti kazi ya kusimamia matangazo ya nje na biashara ya haki. Ndiyo maana jambo hili linaihusu kaunti.

Sheria yenye uzito zaidi hapa ni Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Sehemu yake ya 12 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, na inataja bayana kutia chumvi. Zingatia mpaka wake: kutia chumvi kunakatazwa pale kunapohusu jambo la msingi, na kunapomdanganya mnunuzi au kuelekea kumdanganya. Jambo la msingi ni lile ambalo mtu akilijua huweza kubadili uamuzi wake wa kununua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 nayo, katika sehemu ya 55, inalifanya kuwa kosa kudai kwa uongo kwamba bidhaa ina kiwango au ubora fulani.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kauli hii inaweza kupimwa? Ikiwa haiwezi, hayo ni maoni. Ikiwa inaweza, hilo ni dai, na dai huhitaji ushahidi.

Mfano: bango la mwoka mikate

Tuchukulie kwamba mama mmoja wa Buruburu Awamu ya Tatu anafungua tanuri la mikate. Mchoraji amemletea maneno manne ya kuchagua. Tuyapime moja baada ya jingine.

La kwanza: “Mkate mtamu kuliko yote.” Utamu uko ulimini mwa mlaji. Hakuna mizani inayoupima, na hakuna mtu mzima atakayesema alidanganywa kwa sababu ulimi wake haukukubali. Maneno haya yanaweza kubaki.

La pili: “Nambari moja Eastlands.” Hapa shida inaanza. Nambari moja kwa nini: mauzo, usafi au bei? Eastlands ipi? Jina hilo tunalitumia sote, lakini halina mpaka uliowekwa kisheria kama wadi au kaunti ndogo. Na ni lini? Kiongozi wa mauzo wa mwaka juzi huenda leo ni wa tano. Dai la cheo lina nguzo nne: kipimo, eneo, muda na aliyehesabu. Nguzo moja ikikosekana, mnunuzi ameachwa ajaze mwenyewe, na kwa kawaida atajaza kile kinachomfaa mwuzaji. Mama huyu hana hesabu ya mauzo ya wenzake, kwa hiyo maneno haya yafutwe.

La tatu: “Wa kwanza kuoka mkate wa ngano nzima Buruburu.” Neno “wa kwanza” ni dai la historia. Mtaa huu ulianza kujengwa miaka ya 1970, na si rahisi mtu kujua kila tanuri lililowahi kuwaka humu. Jirani mmoja akitokea na risiti ya zamani, dai limeanguka. Heri aandike kile anachoweza kukionyesha, mathalani “Tunaoka hapa hapa Buruburu tangu 2019,” kama kibali chake cha biashara kinaonyesha mwaka huo.

La nne: “Mkate mzito kuliko wote wa shilingi 65.” Hili linapimika kabisa, kwa hiyo alipime kabla ya kulichapisha. Anunue mikate ya bei hiyo katika maduka ya jirani, kadhaa ya kila aina, kwa sababu mkate mmoja huweza kuwa mzito au mwepesi kwa bahati. Aipime siku hiyo hiyo, maana mkate hupoteza maji na kupungua uzito kadiri unavyokaa. Atumie mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Aandike tarehe, duka na uzito, na ahifadhi risiti. Hata akishinda, ameshinda dhidi ya mikate aliyoipima tu. Neno “wote” linavuka ushahidi wake. Sentensi salama ni fupi: “Gramu 400 kwa shilingi 65,” mradi kila mkate unafikia uzito huo.

Maoni yanapogeuka kuwa dai

Kauli isiyo na kosa ikiwa peke yake inaweza kubadilika ikiwekwa karibu na maneno mengine. Nchini Marekani, Pizza Hut iliishtaki Papa John's kwa kauli mbiu ya “viungo bora, pizza bora.” Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ilisema kauli hiyo peke yake ni maoni tu. Lakini ilipotumiwa pamoja na matangazo yaliyolinganisha mchuzi na unga wa kampuni hizo mbili, neno “bora” lilipata maana ya kupimika, na likawa la kupotosha. Hata hivyo Pizza Hut ilishindwa, kwa sababu haikuthibitisha kwamba kauli hiyo iliathiri uamuzi wa wanunuzi.

Hukumu hiyo si sheria ya Kenya, lakini mantiki yake inatusaidia kusoma mabango yetu. “Shule bora” ni maoni. “Shule bora, nambari moja KCPE” ni dai. Tena mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa hiyo bango lenye maneno hayo bila mwaka linamfanya mzazi mgeni aamini kwamba sifa ya zamani ni ya leo.

Wenye biashara wasichanganye mambo mawili. Kibali cha kusimamisha bango ni ruhusa ya bango kuwapo mahali pale. Hakithibitishi kwamba maneno yaliyoandikwa juu yake ni kweli.

Wewe mnunuzi ufanye nini?

Kabla ya kulipa, hasa karo ya chuo au gharama ya matibabu, muulize mwuzaji: nambari moja kwa kipimo gani, mwaka gani, na nani aliyesema? Mwenye ushahidi hujibu upesi. Anayejibu “kila mtu anajua” amekujibu pia.

Ukiona umepotoshwa, piga picha bango likiwa bado lipo, uandike tarehe na mahali, na uhifadhi risiti au mkataba. Sheria ya 2012 inamruhusu aliyeingia mkataba kwa kudanganywa kuuvunja, akitoa notisi ndani ya mwaka mmoja. Malalamiko kuhusu uzito yapeleke kwa maafisa wa vipimo wa kaunti. Madai ya uongo kuhusu ubora yapeleke kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, pamoja na picha na risiti zako.